Jinsi ya kusoma saa ya METAR bila kuikosea: mwongozo kwa wanafunzi wa urubani

Kila kundi jipya ninalolifundisha hali ya hewa ya anga hapa Arusha hukwama mahali pamoja. Upepo wanausoma vizuri, mawingu wanayasoma, mgandamizo wa hewa wanausoma. Wakifika kwenye zile tarakimu sita zenye herufi Z mwishoni wanazipita mbio, kwa sababu zinaonekana rahisi kuliko vyote. Ninapoandika ubaoni `170500Z` na kuuliza ni saa ngapi, hunijia majibu matatu: saa tano asubuhi, saa kumi na moja alfajiri, na saa nane mchana.

Yote matatu si sahihi. Uchunguzi huo ulifanyika saa mbili kamili asubuhi, tarehe 17. Mwongozo huu unahusu tarakimu hizo sita tu, na nimeuandika kwa ajili ya msomaji ambaye amekwisha kuelezwa "ongeza tatu" na bado anakosea.

## Vitu vya kuandaa

Saa inayoonyesha UTC. Fungua saa za dunia kwenye simu yako uongeze UTC. Kama simu yako haina chaguo hilo, weka Accra, maana Ghana inatumia UTC mwaka mzima bila kubadilisha. Usiweke London. Majira ya baridi London iko sawa na UTC, lakini kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Waingereza wanasogeza saa zao mbele, na utakuwa unakosea kwa saa moja kwa miezi saba bila kujua.

Saa ya mishale, ya mkononi au ya ukutani. Hata uliyoichora kwenye karatasi inatosha. Utaona kazi yake kwenye hatua ya tatu.

Daftari na kalamu. Usifanye hesabu hii kichwani mpaka umeifanya kwenye karatasi mara hamsini.

Ripoti yenyewe. Kwa mazoezi tutatumia hii niliyoitunga kwa mfano wa asubuhi ya Julai pale KIA, ambayo kwenye ripoti huandikwa HTKJ:

```
METAR HTKJ 170500Z 00000KT 6000 BKN012 17/15 Q1021 NOSIG
```

## Kwanza elewa kwa nini ni UTC peke yake

Mwanafunzi asiyejua sababu hukariri kanuni, na kanuni ya kukariri hupotea siku ya haraka. Sababu zenyewe si nyingi.

Ripoti ya kiwanja kimoja haisomwi na watu wa kiwanja hicho pekee. Rubani anayetoka KIA kwenda Kigali anaziweka ripoti mbili kando kwa kando. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kila kiwanja kingeandika saa zake, uchunguzi uliofanyika dakika ileile ungesomeka 0900 kwetu na 0800 kwao, na rubani angedhani wa Kigali umechakaa. Kwa UTC vyote viwili vinaandikwa 0600Z, na anaona mara moja kwamba anatazama anga ya dakika moja katika sehemu mbili.

Sababu ya pili ni nchi zinazochezesha saa. Amsterdam, ambako hutoka ndege za moja kwa moja hadi KIA, saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba: ikifika 03:00 usiku, inakuwa tena 02:00. Maana yake usiku huo 02:30 inatokea mara mbili. Ripoti iliyoandikwa "0230" kwa saa za huko isingeonyesha ni 02:30 ya kwanza au ya pili, na kati yake ukungu unaweza kufunga kiwanja. Katika UTC kila dakika hutokea mara moja.

Sababu ya tatu ni yetu wenyewe, na vitabu vya kigeni haviitaji. Hapa Arusha, ndani ya mji mmoja, "saa mbili" ina maana mbili. Mama sokoni Kilombero akikuambia saa mbili asubuhi, anamaanisha ile ambayo tiketi ya ndege inaiandika 08:00. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza akiandika "2", anamaanisha saa nane. Kwa hiyo hata kama ripoti isingevuka mpaka wa Namanga, bado tungehitaji saa moja isiyo na mjadala. Herufi Z inafanya kazi hiyo. Inasomwa "Zulu", na inakuambia kwamba tarakimu zilizotangulia si za ukutani kwako wala kwa mtu mwingine.

## Hatua ya 1: Kata tarakimu sita vipande vitatu

Chukua kalamu uweke mistari ya kukata:

```
17 | 05 | 00 | Z
```

Mbili za kwanza ni tarehe. Mbili za kati ni saa. Mbili za mwisho ni dakika.

Tazama kisichokuwepo: mwezi haupo, wala mwaka. `170500Z` ya Julai na ya Juni zinafanana herufi kwa herufi. Ukipewa karatasi iliyochapwa, au simu yako ikionyesha kitu ilichohifadhi zamani, ripoti yenyewe haiwezi kukuambia kwamba ni ya mwezi uliopita. Lazima uwe na uhakika wa ilikotoka.

Jambo lingine la kushika hapa: saa hii ni ya uchunguzi, si ya kutumwa wala ya wewe kuipokea. Mchunguzi husoma vifaa vyake na kutazama anga katika dakika zinazoelekea saa hiyo, na upepo anaouandika ni wastani wa dakika kumi zilizotangulia. Ripoti ikikufikia saa 0520Z, bado inazungumzia anga ya 0500Z.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kusema bila kusita: "Tarehe 17, saa sifuri tano, dakika sifuri sifuri, Zulu." Usiseme "saa tano". Soma tarakimu kama tarakimu. Ulimi ukizoea kusema "saa tano", akili inafuata.

## Hatua ya 2: Pata umri wa ripoti kabla ya kugeuza chochote

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tazama saa yako ya UTC, iandike kando ya saa ya ripoti, kisha toa.

```
Sasa:     17 0610Z
Ripoti:   17 0500Z
Umri:     saa 1 dakika 10
```

Hujaongeza tatu, hujapindua saa ya Kiswahili, na tayari umepata jibu unalolihitaji zaidi: ripoti hii ina umri gani? Swali la "ilikuwa saa ngapi kwetu" linaweza kusubiri. Saa za aina moja hazigombani, kwa hiyo toa UTC kutoka UTC.

METAR hutolewa kila saa au kila nusu saa kutegemea kiwanja. Kwa hiyo umri ukizidi dakika 60 na ushee, jiulize ripoti iliyofuata iko wapi. Mara nyingi ipo, ila simu yako haijaivuta.

Ukikuta neno `SPECI` badala ya `METAR`, dakika hazitakuwa lazima 00 au 30. Hiyo ni ripoti maalumu iliyotolewa katikati kwa sababu hali imebadilika ghafla, na saa yake ni ile ambayo badiliko lilionekana. Ripoti ya `SPECI 170523Z` inaifuta ile ya 0500Z mkononi mwako, hata kama ya 0500Z ina umri wa dakika 25 tu.

## Hatua ya 3: Geuza kwa saa zetu kwa kuzungusha mshale

Sasa ndipo saa ya mishale inapoingia. Tanzania iko mbele ya UTC kwa saa tatu, mwaka mzima. Na sisi tunapotamka saa kwa Kiswahili tunasoma namba iliyo mkabala na mshale: mshale uko kwenye 8, tunasema saa mbili.

Weka kidole kwenye 5, ambayo ni UTC. Sogeza mbele kwa robo ya uso wa saa: umefika 8. Hiyo ndiyo saa ya Tanzania kama inavyoandikwa, 08:00. Sasa ruka upande wa pili wa uso: umefika 2. Hiyo ndiyo saa tunayoitamka.

```
UTC 0500  →  0800 ya Tanzania  →  saa mbili asubuhi
```

Tazama pale kidole kilipoishia. Kutoka 5 mpaka 2 ni robo ya uso wa saa kurudi nyuma. Kwa hiyo kuna njia ya kujihakiki: chukua saa ya UTC, toa tatu, utapata namba tunayoitamka. Kumi na mbili toa tatu ni tisa, na kweli 1200Z ni saa tisa alasiri. Ikizidi kumi na mbili, punguza kumi na mbili. Ikienda chini ya moja, ongeza kumi na mbili. Kwa mfano 0300Z inatoa sifuri, ongeza kumi na mbili, ni saa kumi na mbili asubuhi.

Njia hiyo ya mkato ni ya kuhakiki tu. Haikuambii kama ni asubuhi au usiku, wala haikuambii tarehe. Pitia daima saa ya kati, ile ya 08:00, kwa sababu ndiyo inayobeba siku.

### Makosa matatu na namna ya kuyatambua

Anayejibu saa nane ameongeza tatu sawasawa, akapata 08, kisha akaitamka kama ilivyoandikwa. Amesahau kuruka upande wa pili.

Anayejibu saa kumi na moja alfajiri amedhani 05:00 ni ya Tanzania. Kosa lake huifanya kila ripoti ionekane nzee kuliko ilivyo kwa saa tatu. Mwanafunzi huyu hutupa ripoti nzuri akidhani imechacha. Anapoteza muda, lakini haingii hatarini haraka.

Anayejibu saa tano ndiye ninayemhofia. Ameona 05 akatamka saa tano kwa Kiswahili, ambayo ni 11:00, yaani 0800Z. Kosa lake ni saa tatu kuelekea mbele, na linaleta mtego mbaya. Ripoti mpya kabisa itamshangaza: ni saa tano asubuhi, skrini inaonyesha 0800Z, yeye anasoma "saa nane" na anajua kuna jambo si sawa. Lakini ikiwa intaneti ilikatika na simu inaonyesha ripoti ya 0500Z, anasoma "saa tano", anatazama saa ya ukutani nayo ni saa tano na dakika kumi, na anaridhika kabisa. Kwa huyu, ripoti ya sasa inaonekana ya ajabu, na iliyochakaa kwa saa tatu inaonekana mbichi.

Saa tatu ni muda wa kutosha kwa mawingu ya Julai kuinuka, au kwa radi za Novemba kujengeka juu ya Meru kati ya mchana na jioni. Ndiyo maana hatua ya 2 hutangulia hatua ya 3: aliyetoa UTC kutoka UTC hawezi kunaswa.

## Hatua ya 4: Angalia kama tarehe imevuka

Siku ya UTC huanza kwetu saa tisa usiku, si saa sita. Kwa hiyo ripoti zote kuanzia 2100Z hadi 2359Z zina tarehe ya jana kwa mtu aliyeko Arusha au Moshi.

Chukua mfano wa mwisho wa Aprili, wakati wa masika:

```
SPECI HTKJ 302215Z
```

Ishirini na mbili na robo, ongeza tatu, ni ishirini na tano na robo. Imezidi ishirini na nne, toa ishirini na nne: 01:15, na tarehe inasogea moja. Aprili ina siku 30, kwa hiyo si tarehe 31. Ni 1 Mei, saa saba na robo usiku.

Hapa Kiswahili kinatusaidia tukikitumia vizuri. Usiandike "usiku wa tarehe 30", maana msomaji mmoja ataelewa usiku unaoanza jioni ya 30, na mwingine usiku uliopita. Andika "usiku wa kuamkia 1 Mei". Na kwenye fomu yoyote ya safari, acha UTC kama ilivyo na tarehe yake ya UTC. Kuchanganya saa ya UTC na tarehe ya hapa ni kosa lisiloonekana mchana, linalojitokeza usiku tu.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kugeuza `312330Z` ya Desemba na ukapata mwaka mpya, saa nane na nusu usiku.

## Hatua ya 5: Pima uhai wa ripoti, kisha usome TAF kwa jicho lingine

Neno `NOSIG` mwishoni mwa mfano wetu linasema hakuna badiliko kubwa linalotarajiwa. Watu hulisoma kama ahadi isiyo na mwisho. Ahadi hiyo ni ya saa mbili tu, na zinahesabiwa kuanzia saa ya uchunguzi, si tangu ulipoisoma. Kwa ripoti ya 0500Z, inaisha 0700Z, yaani saa nne asubuhi.

Utabiri wa kiwanja, TAF, una saa za UTC pia lakini umezipanga tofauti:

```
TAF HTKJ 162300Z 1700/1724 00000KT 6000 BKN012
BECMG 1706/1708 SCT020
```

`162300Z` ni saa ya kutolewa, tarakimu sita kama kawaida. Lakini `1706` si saa kumi na saba na dakika sita. Ni tarehe 17, saa 06 UTC, na dakika hazipo. Ukiona mkwaju katikati ya tarakimu nne na nne, soma tarehe na saa. Nimeona mwanafunzi mzuri akisubiri jioni mawingu ambayo utabiri ulisema yangeinuka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

## Mfano mzima: Kisongo kwenda KIA, 17 Julai

Mwanafunzi yuko kiwanja cha Arusha, Kisongo. Anataka kuruka kwa kuona kwa macho na kufika KIA kama saa nne na dakika arobaini asubuhi, yaani 0740Z. Sharti analolijua: ndani ya eneo la udhibiti la kiwanja, dari ya mawingu isiwe chini ya futi 1500 na mwonekano usiwe chini ya kilomita 5.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi anafungua simu na kukuta ripoti yetu ya `170500Z`. `BKN012` ni mawingu yaliyofunika zaidi ya nusu ya anga kwa futi 1200, kwa hiyo dari haitoshi. Kama angesoma "saa tano", angedhani ni utabiri wa saa tano asubuhi na kufuta safari. Badala yake anaandika: sasa 0610Z, ripoti 0500Z, umri dakika 70. Imepitwa. Na `NOSIG` yake itaisha 0700Z, kabla hajafika. Ripoti hii haiwezi kumfaa kwa vyovyote.

Wala kutazama nje hakumsaidii sana. Kisongo iko futi 4550 juu ya usawa wa bahari na KIA iko 2932, kwa hiyo mawingu yenye kitako cha futi 1200 juu ya KIA yako chini ya usawa wa njia ya kurukia ya Kisongo. Anaweza kusimama juani huku KIA imefunikwa.

Anavuta ripoti upya, na inakuja hii:

```
METAR HTKJ 170600Z 00000KT 8000 BKN016 18/15 Q1021 NOSIG
```

Saa yake ya UTC inasoma 0612Z. Umri dakika 12. Saa tatu kamili asubuhi dari ilikuwa futi 1600, imeinuka futi 400 ndani ya saa moja, na TAF inasema kipindi cha kuinuka ndiyo kwanza kimeanza. `NOSIG` hii inafika hadi 0800Z, inaifunika saa yake ya kufika.

Kwa karatasi sharti limetimia. Mimi kama mwalimu simruhusu mwanafunzi kwa ziada ya futi mia moja, hivyo anasubiri ripoti inayofuata. Inapofika, anaitazama tena kwa utaratibu uleule: `170700Z`, saa yake inasoma 0706Z, umri dakika sita, `SCT022`. Mawingu sasa hayafuniki zaidi ya nusu ya anga, kwa hiyo dari haipo tena. Kwenye daftari lake anaandika `HTKJ 170700Z`, na pembeni, kwa kalamu nyepesi, saa nne asubuhi.